Kadi ya Tembo

Nilifundisha upangaji wa miradi Kilosa kwa miaka mingi, na niliuamini mpango kuliko nilivyomwamini mtu. Mahitaji yote yaandikwe mwanzoni, yasainiwe, chati ibandikwe ukutani. Anayetaka mabadiliko aandike barua ya ombi. Chuo kilipotuletea Skramu, mtindo wa kuunda kitu kwa vipindi vifupi na kuurekebisha mpango njiani, nilikariri maneno yake yote kwa wiki mbili. Tabia yangu ilibaki ileile.

Wanafunzi walipata kazi ya kweli. Kikundi cha wakulima wa pembezoni mwa hifadhi, huko Mikumi, kilitaka mfumo wa kuwaonya wenye mashamba kila tembo wanapokaribia: mlinzi akiwaona atume ujumbe mmoja, na simu za wakulima wote wa jirani ziite. Kikundi kilimteua mama mmoja, mjane mwenye ekari tatu za mahindi, awe mmiliki wa bidhaa. Katika Skramu huyo ni mtu mmoja, na ndiye anayeamua kazi ipi itangulie katika orodha ya bidhaa. Nilimpokea kwa heshima zote, kisha nikaipanga orodha mwenyewe. Nilijisemea kwamba Mikumi ni mbali, mama ana shamba, asisumbuliwe. Uongo mtupu. Nilikuwa sitaki mtu asiyejua kompyuta aniambie kipi kianze.

Kila kazi niliiandika kwenye kadi ya kubandika ukutani. Nikaanza na usajili wa wakulima, kisha ramani, kisha takwimu. Kadi ya onyo la tembo niliiweka chini kabisa. Nikazigawa kadi zote katika sprinti tano, yaani vipindi vya kazi vya wiki mbili mbili, na kuziandikia tarehe, wakati timu ilipaswa kuchagua kazi za sprinti moja tu, ile inayoanza. Ilikuwa chati yangu ya zamani iliyovishwa kanzu mpya.

Kila asubuhi wanafunzi, ambao ndio waundaji, walipaswa kukutana dakika kumi na tano, waongee wenyewe kwa wenyewe, waone kama lengo la sprinti bado linafikika na warekebishe kazi zao. Darasani kwangu walisimama mstari, "Shikamoo mwalimu," halafu kila mmoja akaripoti kwangu nami nikiweka vema kwa peni nyekundu. Hakuna aliyewahi kusema amekwama. Nani angethubutu?

Mwisho wa sprinti ya kwanza mama alikuja kwenye mapitio. Aliona usajili ukifanya kazi, akashukuru, kisha akatoa simu yake ya kitochi mfukoni.

"Mwalimu, tembo akija, hii italia?"

"Italia, mama. Sprinti ya tano. Tumeshapanga."

"Mahindi yangu hayataisubiri hiyo ya tano."

Binti aliyekuwa Skramu Masta, ambaye kazi yake ilikuwa kutusaidia sote tuifuate Skramu inavyotakiwa, nami nikiwemo, alinyoosha mkono, akasimama.

"Samahani mwalimu. Tunafanya mapitio ili tukigundua jambo tuibadilishe orodha. Na mwenye kuipanga ni mama."

"Kaa chini," nikamwambia. Akakaa. Nilijua alichosema ni sahihi, maana ni mimi niliyemfundisha.

Sprinti ya pili tukatengeneza ramani. Nakiri ilikuwa nzuri. Siku ya mapitio mama aliiinamia kwa muda mrefu, akaweka kidole juu ya kioo.

"Hapa ndipo kwangu?"

"Ndiyo mama," akajibu binti.

"Juzi wamepita hapo. Hawakubakiza kitu."

Mlinzi alikuwa amewaona mapema. Alipiga simu kwa mkulima mmoja mmoja, na zamu ya mama ilipofika, tembo walikuwa tayari katikati ya mahindi. Sijui kama ujumbe wetu ungemwokoa. Kuna siku tembo hawajali kelele za debe wala moshi wa pilipili. Nimejaribu kujifariji kwa hilo na nimeshindwa. Angepata nafasi ya kukimbilia shambani, na nafasi hiyo niliipa ramani.

Niliomba radhi mbele ya darasa, kwa mama kwanza, halafu kwa binti. Binti aliinamisha kichwa kwa adabu, na adabu yake ikaniuma kuliko tusi. Mama alisema tu, "Yameshatokea, mwalimu."

Nikabandua kadi zote ukutani, pamoja na tarehe zangu, nikamkabidhi. Alizisoma polepole, moja baada ya nyingine, mpaka akaipata ya tembo. Akaibandika juu ya zote.

Nami, kwa upumbavu, nikamwambia, "Lakini mama, kwako hakuna tena cha kulinda. Chagua kitakachokufaa wewe."

Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyekosea mbele ya wageni.

"Jirani zangu hawajavuna," akasema.