Mjomba Aliniombea Radhi

Nilipanda kizimbani nikijua narudi Likoni na feri ya mchana. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limeanza kuonekana, na mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele na kanzu yake ya Ijumaa, tayari kunidhamini. Nilikuwa na wasiwasi wa jina langu tu. Wasiwasi wa kulala rumande sikuwa nao.

Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru. Nilikuwa mtu wa stoo kwa tajiri mmoja wa nguo pale Likoni. Majora ya kitambaa yalipotea, kufuli haikuvunjwa, na funguo nilikuwa nazo mimi. Mpwa wa tajiri naye alikuwa nazo, lakini huyo hakuulizwa hata alilala wapi. Polisi waliponiita nilikwenda kwa miguu yangu. Nikashitakiwa wizi wa mtumishi, yaani kumwibia tajiri wangu.

Hakimu alikuwa Mzungu mwembamba, sauti yake ndogo. Mkalimani akasimama kati yetu. Aliyeongoza mashitaka alikuwa inspekta, na alipinga dhamana tangu neno la kwanza. Alisema kosa ni zito, kifungo chake kirefu, na mtu anayeogopa kifungo kirefu ana sababu ya kukimbia. Akasema funguo nilikuwa nazo. Akasema sina nyumba, nakaa kwa mke wangu kwenye shamba la mama yake, na nina ndugu Tanga, ng'ambo ya mpaka.

Hakimu akaniuliza nimezaliwa wapi.

"Likoni."

"Umewahi kufungwa?"

"Sijawahi, bwana hakimu. Hata kugombana sijawahi."

Akaandika. Akamuuliza inspekta kama ni kweli nilijileta mwenyewe. Inspekta akasema ni kweli. Hakimu akasema, na mkalimani akageuza polepole ili nisikie: ndugu wa Tanga kila mtu wa pwani anao, na nyumba ya mke ni nyumba. Mbele yake mimi sina hatia mpaka ithibitishwe kwamba ninayo, na dhamana si adhabu ya kuonjeshwa kabla ya hukumu. Analotaka kujua ni kama nitarudi siku ya kesi, na kama kesi itabaki salama nikiwa nje.

Wallahi nilitabasamu. Mjomba naye akatabasamu.

Ndipo inspekta akasema kuna jambo jingine. Watu wa mshitakiwa wamekwenda nyumbani kwa mlalamikaji, ambaye ndiye shahidi mkubwa, kumtaka aache kesi.

Nilidhani ni uongo wa polisi. Kabla sijafungua mdomo, mjomba akainuka pale benchini, hajaulizwa na mtu, mkono kifuani.

"Ni kweli, mheshimiwa! Tulikwenda, mimi na wazee wenzangu, baada ya sala. Tukampelekea halua. Nikamwambia, bwana mkubwa, mtoto wetu amekosa, ni ujana, tusamehe, tuyamalize nyumbani. Akatupokea vizuri, akatupa kahawa!"

Alisema kwa fahari, kama mtu anayeeleza alivyomtoa mwenzake kisimani. Ndiyo desturi yetu. Ukitaka kuomba radhi huendi kubishana. Kwanza unakiri kosa, hata kama hulijui, ili mwenye hasira ashuke. Mjomba alikuwa amekiri kwa niaba yangu, bila kuniuliza, juu ya sinia la halua. Na tajiri aliinywa kahawa ile pamoja nao, akawasindikiza mpaka mlangoni, akatoka moja kwa moja kwenda kituo cha polisi. Nayaandika haya ili yajulikane. Mjomba alikuwa mpumbavu. Tajiri hakuwa mpumbavu.

Mkalimani akamgeuzia hakimu, neno kwa neno. Nikashika mbao za kizimba.

Inspekta akasema, "Umesikia, mheshimiwa. Watu wake wenyewe wamekiri."

Hakimu akatikisa kichwa. Hilo hakulikubali. Alisema maneno ya mjomba ni ya mjomba. Mshitakiwa hakuyasema wala hakuwatuma, na hayamwongezei hatia hata chembe. Nikavuta pumzi. Kisha akaendelea kwa sauti ile ile ndogo: lakini shahidi amefuatwa nyumbani kwake. Na mtu anayetaka kumdhamini mshitakiwa, anayetakiwa kumlinda asivunje masharti, ndiye huyo aliyemfuata shahidi. Bila ushahidi wa tajiri kuchukuliwa kwanza, anaona hatari ya kweli kwamba shahidi atasumbuliwa. Dhamana haikupatikana kwa leo. Hali ikibadilika, naweza kuomba tena.

"Mbona umesema sina hatia?" nilipiga kelele. Kwa Kiswahili, kwake yeye moja kwa moja.

Mkalimani akamgeuzia. Hakimu alinitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Huna," akasema. "Ndiyo maana nimekueleza sababu."

Nikateremshwa. Mjomba alikuwa bado amesimama, anauliza watu, "Kwani nimesema nini? Kwani nimesema nini?"

Rumande nilikaa na watu waliofungwa na watu ambao hawajafungwa, na chawa hawakujua tofauti. Sitaki kuyaeleza sana. Kila nilipoletwa kortini nilirudishwa, mpaka siku tajiri alipotoa ushahidi wake wote, akaulizwa maswali, maneno yake yakaandikwa. Hapo nikaomba tena. Nilisema lile mlilokuwa mkiliogopa limekwisha, tajiri ameshasema. Inspekta akabisha kidogo, kwa sababu mpwa wa tajiri, shahidi naye, alikuwa bado hajasema. Hakimu akasema huyo ataingia katika masharti. Akauliza mdhamini ni nani, na asiwe yule mzee wa kanzu.

Aliyesimama alikuwa mama mkwe wangu.

Sisi na wakwe tunaoneana haya. Tangu nioe nilikuwa sijatazamana na mama yule uso kwa uso, wala kula mbele yake. Alisimama na buibui lake, kanigeuzia bega.

"Unamjua mshitakiwa?"

"Namjua. Mume wa mwanangu."

"Mbona humtazami?"

Kortini wakacheka. Mkalimani akaeleza. Mzee wa mtaa akathibitisha kwamba ana nyumba na minazi yake mwenyewe, na hadaiwi. Hakimu akamwambia nikikimbia, fedha ya dhamana atalipa yeye, na asipoweza, mali yake itauzwa. Je, amefahamu?

"Nimefahamu, bwana. Lakini huyu akikimbia, nitamkamata mimi kabla ya polisi. Hatamwacha mwanangu na tumbo lile."

Hata inspekta alicheka. Mama akatia kidole gumba kwenye karatasi. Nikapewa masharti: niripoti kituo cha Likoni kila wiki, nisikanyage dukani, nisiseme na tajiri wala mpwa wake, mimi wala mtu kwa ajili yangu.

Tuliposhuka kwenye feri upande wa Likoni, mjomba alikuwa anatungoja, kanzu imepigwa pasi. Akanikumbatia, analia.

"Alhamdulillahi, mjomba! Sasa njoo kwanza, twende kwa tajiri. Umshike mkono tu. Watu waone hamna kinyongo."

Nilimtazama nikadhani mzaha. Hakuwa na mzaha. Nikaona mlango wa rumande unafunguka mbele yangu, na anayeufungua ni ndugu wa mama yangu.

Mama mkwe akageuka. Mara hiyo alinitazama, macho makavu, kidole gumba bado kina wino.

"Shamba langu lile," akamwambia mjomba, "wewe utalilipa?" Kisha kwangu: "Na wewe, tembea. Mkeo anakungoja."

Nikatembea. Mjomba aliita, akaita, sikugeuka.

Baadaye kesi ilianguka, mpwa wa tajiri alipobanwa kuhusu funguo zake akashindwa kueleza. Hakimu akaniachia huru. Mjomba aliishi miaka mingine mingi, na kila arusi aliwaambia watu kwamba tajiri alinisamehe.