Barua ya Pili ya Fundi Viatu

Safari hii fundi viatu aliandika kwa makini, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: "Mpwa wangu akishindwa kulipa kodi ya chumba, nitamlipia, isizidi ya miezi mitatu, kwa mwaka mmoja tu."

Mama mwenye nyumba aliisoma mara mbili. "Nzuri, fundi. Ungeandika hivi na ile ya kumdhamini mwanao." Akaitoa kwenye faili. Haikuwa na kiwango wala muda, na huu mwaka wa pili baba ndiye anayelipa. "Mzigo huo tu umekuelemea. Wa pili utaubebaje?"

"Basi ile nifutie, mama."

"Nikiifuta, kodi ya mwanao anilipe nani?"

Fundi akaikunja barua yake nzuri. Nje, mpwa wake alikuwa ameshashusha godoro.