Karata Niliyoshindwa Kuitaja

Nyumba ilikuwa moja na sisi tulikuwa wawili. Mwalimu mkuu alituita ofisini Ijumaa, akatuambia kwamba nyumba ya walimu iliyo karibu na bustani ya shule imebaki wazi: vyumba viwili, bati jipya, tangi la maji ya mvua. "Mkubaliane wenyewe. Jumatatu nataka jina moja."

Mwenzangu, mwalimu wa Historia kutoka Tanga, alikuwa amenitangulia shuleni kwa miaka miwili. Mimi nilikuwa na mke na mtoto wa miezi minne. Walikuwa bado Kemambo kwa wazazi wake, kwa sababu chumba nilichopanga Morotonga kilivuja hadi juu ya kitanda. Nani atamleta mtoto mchanga alale kando ya beseni la kukingia matone? Kila jioni mke wangu aliniuliza kwenye simu, "Umepata?" Nami kila jioni nilijibu, "Karibu."

"Turushe sarafu," akasema mwenzangu.

Nikakataa. Mimi ni mwalimu wa Hisabati, na nina hasira za karibu. Jambo kubwa kama lile uliachie sarafu? Nikasema tucheze mchezo wetu wa mwizi. Kusema kweli, sikutafuta haki. Nilikuwa nimemfunga Jumamosi tano mfululizo.

Mchezo huo aliutengeneza yeye mwenyewe kwa karatasi za manila, baada ya kuuona mahali fulani alipokuwa chuoni. Una karata kumi na nane: wezi sita, vitu sita vilivyoibwa, na mahali sita pa kufichia. Muuguzi wa zahanati, rafiki yetu sote, ndiye aliyekuwa mwamuzi. Alichukua karata moja kutoka kila kundi bila sisi kuona, akazitia kwenye bahasha. Hizo ndizo jibu. Zilizobaki akatugawia saba saba, na moja akaiweka wazi mezani. Zamu yako ikifika unataja mwizi, kitu na mahali. Mwenzako akiwa na hata karata moja kati ya hizo, lazima akuonyeshe moja, anayoitaka yeye. Akikosa zote, unaruhusiwa kutangaza jibu papo hapo. Ukishaonyeshwa, zamu imekwisha, na hata kama umeshajua kila kitu unasubiri mwanzo wa zamu yako ijayo. Ukitangaza vibaya umeshindwa.

Watu wengi hucheza mchezo huo kwa kubahatisha wanachokishuku. Mimi huucheza kwa hesabu. Siku hiyo, baada ya kuangalia mkono wangu na ile karata ya mezani, wezi ambao sikujua walipo walikuwa wanne, vitu vitatu, mahali patatu. Nne mara tatu mara tatu: majibu thelathini na sita yanawezekana. Ukitaja karata tatu usizozijua, mwenzako mjanja atakuonyesha ile isiyokusaidia sana. Akinionyesha mwizi, nabaki na ishirini na saba. Akinionyesha kitu, nabaki na ishirini na nne. Kwa hiyo atanionyesha mwizi. Lakini nikitaja mwizi na mahali ambavyo viko mkononi mwangu mwenyewe, hana pa kukimbilia: lazima ajibu kuhusu kile kitu tu, na asipojibu, kitu hicho kimo kwenye bahasha.

Tulicheza katika chumba cha walimu, Jumamosi mchana, marundo ya mitihani yamesukumwa pembeni. Nilikwenda vizuri mno. Baada ya zamu kadhaa nilijua kitu ni redio na mahali ni ghalani. Kwa wezi nilibaki na watatu: fundi baiskeli, mchunga ng'ombe na mama mkwe.

Hapo ndipo ilipotakiwa akili, na akili nilikuwa nayo. Mwenzangu alikuwa amemtaja fundi baiskeli mara mbili na mchunga mara mbili, akibadilisha vitu na mahali tu. Mtu harudii swali lisilompa kitu. Anayerudia karata anaitumia kama kifuniko, maana anayo mkononi. Basi mwizi alikuwa mama mkwe, karibu bila shaka. Na swali la kumtaja halikuwa na hatari yoyote: nikikosea, nitaonyeshwa karata yake na kupoteza zamu moja. Nikipatia, hataonyesha kitu, natangaza, nyumba yangu.

Zamu moja ndiyo niliyokuwa nayo. Alipouliza mara ya mwisho nilimwonyesha karata ya kisima, na mabega yake yakashuka kwa raha. Nilijua amemaliza, anasubiri tu zamu yake.

Nikafungua mdomo. Jina halikutoka.

Acha niseme wazi, hata mkinicheka. Mimi ni Mkurya. Mama wa mke wangu simkaribii, sili mbele yake, namsalimia kwa mbali nikiwa nimeinamisha macho. Nimelelewa hivyo, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Siku mwenzangu alipoichora ile karata, mwanamke mnene mwenye kanga, alicheka hadi akapiga meza. Kwao watani ni wengi, na picha kama ile ni mzaha tu. Mimi tangu siku hiyo sikuwahi kuitaja. Mara zote tano nilizoshinda, bahati ilinisaidia: ama nilikuwa nayo mkononi, ama ilikuwa wazi mezani. Sasa mtu mzima, mwenye digrii, nakaa mbele ya watu niseme mama mkwe kaiba redio? Na yeye ndiye aliyekuwa akimlea mwanangu wakati ule ule.

"Mura, uliza basi," muuguzi akasema, akiniita kijana kwa Kikurya. "Chai inapoa."

"Mchunga ng'ombe," nikasema. "Redio. Ghalani."

Mwenzangu hakuniangalia usoni. Aliinua polepole karata ya mchunga ng'ombe, ile ile niliyojua anayo, akanionyesha. Kisha zamu yake ikafika.

"Mama mkwe, redio, ghalani."

Muuguzi akafungua bahasha. Zote tatu zilikuwemo. Niliwaka, nikasema mchezo wa kijinga, karata za kijinga, nikatoka na kuuacha mlango ukibamizwa na upepo. Wote wawili hawakunikosea kitu. Nilikuwa na aibu tu, na aibu yangu siku zote hutoka ikiwa hasira.

Jioni mke wangu akapiga. "Umepata?"

Safari hii sikusema karibu. Nilimweleza yote, mpaka ile karata. Nikamsikia anaongea Kikurya na mtu aliye karibu naye, na huyo mtu akaguna. Nikaomba ardhi ipasuke.

"Umemwambia nani?"

"Mama. Aliniona ninalia."

Nyuma yake nilimsikia mama mkwe mwenyewe. Hakuishika simu, asingeishika hata kidogo. Alimwambia binti yake kwa sauti ya kutosha kunifikia: "Mwambie angenitaja tu. Miezi minne nambebea mtoto wake mgongoni, yeye anaona vigumu kunibebesha redio ya karatasi?"

Mke wangu akaniuliza kama nimesikia. Nikamwambia nimesikia.