Sahihi ya Mzee wa Reli

Nilikuwa karani wa benki Tabora, enzi za Mwingereza. Wateja wasiojua kusoma niliwasomea taarifa zao za mwezi, kazi niliyoichukia. Siku moja alikuja mzee wa Itetemia, mstaafu wa reli, aliyefungua akaunti kwa kiinua mgongo chake.

Mstari wa kwanza ulikuwa fedha alizoweka. Akatabasamu. Wa pili, hundi imelipwa. Wa tatu, hundi. Wa nne, hundi tena, na salio shilingi mbili.

“Mimi sijamwandikia mtu hundi, mwanangu.”

Nikamwonyesha hundi zenyewe, zilizobanwa nyuma ya taarifa. Sahihi zilikuwa zake, zile herufi za kujikongoja.

Akazitazama moja moja.

“Kifungua mimba wangu ndiye aliyenifundisha kutia sahihi. Aliniambia nijizoeze kwenye kitabu hichohicho cha hundi.”