Wageni Sita Katika Insha ya Binti Yangu

Ujinga wangu naukiri mapema, kabla jirani hajausimulia yeye: mimi ndiye niliyemwambia binti yangu kwamba mwanahistoria hakatizwi.

Binti yangu alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, amekuja nyumbani likizo na insha ya historia: kwa nini watu wa milima yetu walipeleka watoto shule za misheni. Insha yenyewe ilikuwa ya Kiingereza. Hapa naieleza kwa lugha ninayoimudu. Mimi niliishia kidato cha nne, na safari yangu ndefu siku hizi ni kwenda sokoni Kebirigo na kurudi, lakini kutoa ushauri hakuhitaji nauli. Niliona amechukua maneno machache tu ya profesa mmoja, nikashtuka. Kwetu mgeni mkubwa akisimama msibani kuongea, hata akianzia kwa babu yake, anaachwa amalize.

"Mpe huyu mzee aya nzima," nikasema. "Na wenzake pia."

Akawapa. Wakawa sita. Jirani yangu, mama anayechuma chai ng'ambo ya ua, alikuja kuomba panga akamkuta binti yangu anaisoma insha kwa sauti. Akasikiliza kidogo, akauliza, "Huyo anayeongea sasa ni nani?" Nilimcheka.

Jumatatu insha ikarudi. Mhadhiri alikuwa ameandika pembeni: "Wewe uko wapi?" Aiandike upya na kuituma kabla Ijumaa haijaisha, la sivyo alirudie somo zima mwakani. Na kwangu Ijumaa huisha jua likizama. Sabato ikiingia, kompyuta hupumzika kama jembe.

Wiki hiyo sikutulia. Nilienda shambani na kikapu, nikarudi bila jani. Nilimfungulia ng'ombe, nikamfunga tena. Ijumaa baada ya chakula nilikuwa nimepita dirishani kwa binti yangu mara nyingi hata kuku wakaanza kunipisha.

"Tata, kaa chini ama usaidie!" akasema, akiniita baba kwa lugha yetu.

Nikakaa. Akanionyesha nusu ukurasa wa yule profesa. "Hoja yangu ni kwamba wazazi walikuwa wanapima hatari. Sasa kwake nahitaji nini?"

"Yote."

"Tata!"

Alichukua maneno manne. Akaandika: wazazi waliompeleka mtoto mmoja misheni na kumbakiza mwingine malishoni hawakuwa wameacha mila, walikuwa "wakijaribu mlango kwa mguu," na mguu ule mwingine uliobaki nje ndio unaoonyesha kwamba walijiwekea njia ya kurudi. Mbele yake akamtaja profesa, mwishoni akaweka namba ya ukurasa.

"Umeona? Naanza mimi, yeye anaingia katikati, namaliza mimi. Ukiisoma haraka hujikwai popote."

"Na zile sentensi zake nyingine? Si atakasirika?"

"Ziko kitabuni kwake. Hakuna aliyezifukuza."

Maneno ya wageni wawili kati ya wale sita aliyaondoa kabisa. Alichohitaji kwao alikieleza kwa maneno yake mwenyewe, na bado akasema kimetoka kwa nani. Mmoja alimpa maneno mawili kisha akampinga. Hapo nilisimama tena, nikakaa.

Nikaomba nami nikate mmoja. Mwandishi huyo alisema watu walikuja misheni "si kwa imani pekee." Nikakata kwa bidii ya mtu aliyechelewa, nikabakiza "kwa imani." Ni fupi, nikajisifu.

"Tata, umemfanya mtu wa watu aseme uongo! Yeye anasema kulikuwa na imani na mengine pia. Kata, lakini maana ibaki ile ile."

Nikarudishwa kwa ng'ombe.

Jua lilipokaribia mgongo wa kilima hakukuwa na mtandao nyumbani. Tulipanda mteremko hadi juu ya shamba la migomba, yeye ameinua simu, mimi nikilitazama jua kana kwamba naweza kulishika. Insha ikakwama. Ikakwama tena. Ilipoenda, kipande chembamba cha jua kilikuwa kimebaki, na sauti za majirani wakifungua Sabato kwa wimbo zilikuwa zimeshaanza kusikika upande wa pili.

Majibu yalichukua wiki mbili, na kila siku nilimuuliza asubuhi na jioni hadi akaanza kunijibu kabla sijauliza. Alipita. Pembeni palikuwa na sentensi moja: "Sasa nakusikia."

Nilikimbia uani, mimi ambaye sikimbii hata mvua, nikampigia kelele jirani katikati ya chai yake: mtoto wetu amepita! Hakuacha kuchuma. Akatupa majani kikapuni, akasema:

"Kumbe mtoto hakuwa na shida. Aliyefeli mara ya kwanza ni wewe mzee, na hata hukuwa umesajiliwa."