Ujumbe kwa Dada wa Mgeni Wangu

Mgeni wa chumba cha nne alifika kwenye gesti yangu, hapa Chemchem mjini Tabora, akitoka machimboni Nzega. Alikuwa na homa na begi moja. Simu alikuwa ameibiwa njiani. Kesho yake nikampeleka hospitali. Nilipomuuliza nimpigie nani, hakuwa na namba hata moja kichwani. Alichokumbuka ni jina la ukurasa ambao dada yake anautumia kuuzia vitenge mtandaoni.

"Mwandikie, mama," aliniambia. "Aje anichukue."

Sikuwa na akaunti. Nikaifungua palepale kwenye benchi la wodi, bila hata picha, nikaandika: kaka yako anaumwa sana, yuko Tabora, piga namba hii. Nilipotaka kuongeza jina la wodi ikakataa. Nisubiri kwanza dada akubali ombi langu la kumwandikia.

Ningeweza kuandika chini ya picha za vitenge, mbele ya wateja wake. Nikaona aibu. Kwetu habari nzito hupitia kwa mtu wa karibu, amkalishe mwenzake kwanza. Basi nikawatafuta waliokuwa wakimwita shoga na wifi kwenye zile picha, nikawatumia maneno yaleyale, na namba yangu, mmoja mmoja. Wa tisa hakupata. Nilikuwa nimezuiwa kutuma ujumbe kwa siku kadhaa.

"Ameuona?" mgonjwa aliuliza.

Nilimwonea huruma, nikajifanya mjuaji. "Ameuona. Anajipanga na safari."

Kesho yake akauliza tena, nikajibu vilevile. Siku ya tatu hakuuliza. Alilala ameelekea ukutani, na uji aliukataa.

Asubuhi iliyofuata nikaenda Kanyenye kwa fundi wa simu, mwanamke asiyejua kupamba maneno.

"Akaunti ya juzi, haina picha, haina rafiki, inawatumia watu wasiokujua maneno yaleyale yenye namba ya simu," alisema. "Matapeli ndivyo wanavyofanya, mama. Mtambo utakutofautishaje?"

"Na ule wa kwanza, wa dada mtu?"

"Uko kwenye maombi, kule zinakowekwa jumbe za watu asiowajua. Ukishukiwa unafichwa ndani zaidi, wala simu yake hailii. Mpaka aende kuutafuta mwenyewe."

Nilijichukia. Nikameza aibu, naye akaandika chini ya kitenge cha bluu kwa akaunti yake ya miaka mingi, mbele ya wateja wote. Haikupita saa nzima dada akapiga. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa wodi, na kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya.

Nilipomwambia, alilia mpaka sauti ikakauka. Alikuwa ameukuta ujumbe wangu, na tarehe yake.

"Lakini alijua sijauona?" aliuliza. "Mama, niambie. Alijua?"

"Alijua," nikasema.