Mche wa Sabuni wa Januarius

Kwa miaka kumi na minne Januarius Salu alikuwa karani wa mizani katika chama kimoja cha ushirika nje kidogo ya Bariadi. Pamba ya kijiji kizima ilipita mbele ya macho yake na, kusema kweli, mbele ya kidole chake. Kila gunia lilipopanda kwenye mizani, kidole kile kililipunguzia nusu kilo. Nusu kilo nani ataiona? Yeye mwenyewe aliiita posho ya macho.

Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakamiminika na malori yao, ushirika ukakosa pamba ya kupima, na makarani wakapunguzwa kazi kwa barua fupi yenye muhuri mkubwa. Januarius akapewa kiinua mgongo. Redio ilikuwa ikisema kila asubuhi kwamba sasa kila mtu ajiajiri, naye hakutaka kuonekana amechelewa. Akanunua meza na dadu moja, akawa mfanyabiashara wa mnadani, kwenye gulio la kijiji.

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi. Unalipa shilingi mia mbili, unarusha dadu mara moja. Ukipata sita unalipwa mia sita, ukipata tano unalipwa mia tatu. Kuanzia moja hadi nne, hupati kitu, nenda salama. Alikuwa ameuiga kwa Tajudin, mfanyabiashara wa mjini aliyeuchezesha miaka yote upande wa pili wa mnada, karibu na wauza mitumba. Watu walikuwa wamemzoea Tajudin. Kwa Januarius walikuja wachache, wakapoteza, wakaondoka wamenuna.

Ndipo akapata wazo. Hapa kwetu hata muuza dagaa akishakupimia fungu lako hutupia wachache juu, ili usiondoke na moyo mzito. Hiyo ndiyo nyongeza, na muuzaji asiyeitoa husemwa mpaka msibani. Januarius akaamua kwamba kila atakayekosa apewe kipande cha sabuni. Mche wa sabuni ulikuwa shilingi mia saba na ishirini, na mkewe Nyanjige akaagizwa aukate vipande vinane.

Jamani, watu walijaa. Siku ya kwanza ya sabuni dadu ilirushwa mara mia mbili, na jioni Januarius alikuwa na faida ya elfu moja na mia tisa. Alirudi nyumbani anatembea katikati ya barabara. Alimwambia Nyanjige kwamba Tajudin ni mtu wa zamani, hajui ushindani ni nini.

Mnada wa pili akapoteza elfu mbili na mia sita. Akasema ni mkosi. Mnada wa tatu watu walikuwa wengi zaidi, akapoteza elfu tatu na mia moja. Akasema tatizo ni watu bado hawajatosha, wakiongezeka zaidi hasara itafidiwa.

Nyanjige hakucheka, kwa sababu fedha ile ndiyo iliyokuwa plau yao, jembe la kukokotwa na maksai. Ile elfu thelathini na nane iliyobaki ya kiinua mgongo sasa ilikuwa elfu thelathini na nne na mia mbili. Plau dukani kwa Jumbe ilikuwa elfu thelathini na nne kamili, na mawingu yalishaanza kujikusanya. Mnada mmoja mbaya tena, basi msimu mzima wangelima kwa jembe la mkono kama watu wasio na ng'ombe, ilhali maksai wao wawili wangekuwa zizini wakiwatazama. Jambo hilo lilimuuma sana.

Yeye alikuwa amefundisha kisomo cha watu wazima enzi zile, na hesabu hakuiogopa. Akachukua kipande cha mkaa, akachora hesabu juu ya meza ya biashara ya mumewe bila kuomba ruhusa.

Alimweleza kwamba dadu ina nyuso sita na haina upendeleo, kila uso una nafasi moja katika sita. Kwa hiyo chukua kila malipo, uyazidishe kwa nafasi yake, kisha ujumlishe. Mia sita mara moja ya sita ni mia moja. Mia tatu mara moja ya sita ni hamsini. Zamani hesabu iliishia hapo: mtu akilipa mia mbili, kwa wastani unamrudishia mia na hamsini. Hamsini inabaki kwako.

"Sasa njoo kwenye sabuni," akasema. "Mche ukiukata nane, kipande ni shilingi tisini. Na sabuni haitoki kwa uso mmoja, inatoka kwa nyuso nne. Tisini mara nne ya sita ni sitini. Mia, na hamsini, na sitini. Baba Shija, unapokea mia mbili, unatoa mia mbili na kumi."

Januarius akasema siku ya kwanza mbona alipata. Nyanjige akamjibu kwamba siku moja inaweza kwenda popote, lakini kadiri wanavyorusha mara nyingi ndivyo wastani unavyomfikia, kwa hiyo anawakaribisha watu waje kumfilisi kwa wingi. Januarius akacheka. Kumi tu, alisema. Shilingi kumi nani ataiona?

"Nusu kilo uliiona wewe," Nyanjige akasema. "Gunia moja halikukujengea nyumba hii ya bati. Yalikuwa mangapi?"

Hesabu ile Januarius alikuwa akiifanya kila usiku kwa miaka kumi na minne, ila hakuwahi kukaa upande huu wa mizani.

Nyanjige akachukua kisu. Alisema mche ukikatwa vipande kumi na viwili, kimoja ni shilingi sitini. Sitini mara nne ya sita ni arobaini, jumla mia na tisini, na kumi inageuka kuwa yao. Januarius alisita, akaona ni uchoyo, kisha akakubali. Wakakata miche iliyobaki mpaka mikono ikateleza.

Mnada wa nne ulifunguliwa na Eufrasia, mjane mwenye ekari nane za pamba, aliyekuwa akipima kwa Januarius tangu siku yake ya kwanza kazini. Akamsalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, akalipa, akarusha, ikaja tatu. Akapewa sabuni yake. Hakuiweka kwenye kikapu. Aliipimapima kiganjani, akamtazama Januarius usoni bila haraka.

"Karani," akasema, "kumbe umerudi kazini."

Watu wakaangua kicheko, kisha wakahamia kwa Tajudin, ambaye hakuwahi kumpa mtu sabuni, na kwa hiyo hakuwahi kuipunguza. Januarius akakunja meza. Siku hiyohiyo akanunua plau, asije akapata wazo jingine.

Mvua zikaja, maksai wakavuta, na msimu wa kuuza pamba ulipofika Januarius alipanga foleni na magunia kumi na mawili mbele ya mnunuzi binafsi mmoja. Karani wa mizani alikuwa kijana mchangamfu mwenye kalamu tatu mfukoni. Januarius akakiona kidole kikitua taratibu pembeni ya mizani, pale pale alipokuwa akikiweka chake. Nusu kilo, shilingi mia. Mara kumi na mbili, elfu moja na mia mbili. Alifungua kinywa, akageuka, akamkuta Eufrasia nyuma yake anasubiri asikie atakachosema. Akakifunga.

Kijana akamlipa, akatabasamu, akamwekea juu ya noti kipande cha sabuni cha nyongeza. Januarius alikipima kiganjani. Mche wake ulikatwa vipande kumi na viwili.